Naomba ushauri: mpango mkakati wa miaka 5, bodi inakaa baada ya wiki 2 na nimekwama

Kalamu_Nyeusi
Wakuu, heshima zenu. Naongoza shirika dogo lisilo la kiserikali, kazi yetu tangu mwanzo ni kisomo cha watu wazima. Tuko wafanyakazi 9. Rasimu yangu ya mpango mkakati ina vipaumbele 7: kisomo, lishe, afya ya uzazi, mazingira, ujasiriamali wa vijana, haki za wenye ulemavu na utafiti. Fedha za mwaka huu: mfadhili mkuu asilimia 78, mfadhili wa pili 12, vyanzo vyetu wenyewe 22. Naomba mnisaidie jambo moja tu: nivipange vipi hivi 7 ili kila kimoja kionekane kina uzito sawa? Usingizi sipati.

Mwalimu_Mstaafu
Binti yangu, anza na dira na dhamira. Kaeni siku 2 mahali patulivu, kila mtu aandike neno moja linalolieleza shirika. Maneno yakikubaliana, vipaumbele vitajipanga vyenyewe.

Fundi_wa_Bajeti
Shikamoo mwalimu. Dira ni muhimu, ila hapa naona shida ni siku za kufanyia kazi.

Dada Kalamu, kati ya hao 9, toa wewe, mhasibu na dereva. Wanabaki 6 wa miradi. Mwaka una siku 260 za kazi. Ondoa likizo, sikukuu na ugonjwa, zinabaki kama 220. Ondoa vikao, mafunzo na kuandika ripoti, kila mmoja anabaki na kama 160. Kwa watu 6 hizo ni siku 960. Kisomo peke yake kilikula siku ngapi mwaka jana? Na mkataba wa mfadhili mkuu unaisha lini?

Kalamu_Nyeusi
Asante kaka. Nimepiga hesabu kwenye karatasi za mahudhurio, kisomo kilikula siku 520. Kuhusu mfadhili mkuu, tuko naye mwaka wa 8, uhusiano ni mzuri sana. Vile vipaumbele 7 siwezi kuvipunguza, kila mjumbe wa bodi ana chake na nimeshawaahidi.

Upepo_wa_Kusi
Hii imenigusa. Nilikuwa afisa miradi kwenye shirika lenye vipaumbele 9. Asubuhi nagawa miche, mchana nafundisha lishe, usiku naandika ripoti za wafadhili 5, kila mmoja na fomu yake. Mwaka wa pili tulibaki wawili, waliojua kazi wote wameondoka. Kwenye karatasi mpango ulikuwa unapendeza kweli.

Fundi_wa_Bajeti
Ukitoa 520 kwenye 960 zinabaki 440. Kipaumbele kipya chenye afya hakili chini ya siku 200, kwa hiyo nguvu mliyonayo inatosha kisomo na viwili vingine.

Niliuliza tarehe, umenijibu uhusiano. Mkataba unaisha lini?

Kalamu_Nyeusi
Sawa, niseme. Unaisha baada ya miezi 14. Wametuma barua kwamba wanabadilisha eneo lao la kazi na hawataongeza muda. Bodi haijaiona. Nataka niipeleke pamoja na suluhisho, nisiwapelekee hofu mikono mitupu.

Watatu kati ya wale 6 niliwaajiri mwezi uliopita kwa mikataba ya miaka 2. Barua ilikuwa imeshafika. Nilijua, lakini ni vijana wazuri na tulikuwa tumeshawaita kwenye usaili. Pia nimeshaandika maombi mengine ya ruzuku. Yote yakipita pengo ni asilimia 8 tu.

Jasiri_Biashara
Suluhisho ni kujitegemea. Fungueni ukumbi wa kukodisha au mradi wa kuku, muachane na wafadhili kabisa. Na wekeni kanuni: hakuna mfadhili anayezidi asilimia 20.

Hesabu_Kali
Mimi nina wasiwasi na uzi huu. 78 na 12 na 22 ni 112. Hakuna mkurugenzi anayeandika bajeti ya asilimia 112. Halafu barua imetokea katikati ya hadithi kama tamthilia. Nadhani huyu ni mwanafunzi, anatafuta wa kumfanyia zoezi la darasani. Tusipoteze muda.

Mwalimu_Mstaafu
Hata akiwa mwanafunzi, anayeuliza ajibiwe. Ila kuificha barua bodi si uaminifu, binti yangu. Hilo nakuambia kama mzazi.

Kalamu_Nyeusi
Hesabu_Kali, nimeumia lakini umenifanya nifungue vitabu na mhasibu. Katika ile 22 niliyoiita yetu, 12 ni fedha za uendeshaji anazotoa mfadhili mkuu mwenyewe: pango, umeme, mshahara wa mhasibu. Zimo tayari ndani ya 78, nimezihesabu mara mbili. Zetu kweli, yaani ada za mafunzo na michango ya wanachama, ni 10.

Hesabu_Kali
Basi nakuomba radhi. Mtu anayetunga asingekosea hivyo. Lakini ona, akiondoka anaondoka na mhasibu pia.

Fundi_wa_Bajeti
Ndiyo hatari yenyewe. Wangapi kati ya wale 6 wanalipwa naye? Na miaka 3 iliyopita mlituma maandiko mangapi, yakapita mangapi?

Kalamu_Nyeusi
Anawalipa 4, wale watatu wapya wamo. Maandiko tulituma 11, yalipita 2. Sasa hivi moja la asilimia 20 ya bajeti tuko kwenye mazungumzo, na matatu ya jumla ya 50 tumetuma tu.

Fundi_wa_Bajeti
Baada ya mwezi wa 14 fedha ya uhakika ni 12 na 10, yaani 22. Ile ya mazungumzo ipe nusu, ni 10. Zile 50, kwa rekodi yenu ya moja katika tano, ni 10 nyingine. Jumla 42, wewe umeandika 92. Na ruzuku haiji nusu, huja yote au isije. Kwa hiyo 42 itumie kukisia, lakini mkataba wowote mpya ubebwe na ile 22 peke yake.

Wakibaki wafanyakazi 2 ni siku 320, na kisomo kinataka 520. Hata kazi yenu ya asili haisimami. Kipaumbele cha kwanza cha mpango kiwe kukilinda kisomo.

Jasiri una haki kwamba 78 kwa mmoja ni nyingi. Ila wafadhili 5 wadogo ni ripoti 5, na siku za ripoti zinatoka kwa watu wale wale. Biashara nayo inataka mtaji na mtu wa kuisimamia, na mara nyingi hula kabla ya kulisha. Miezi 14 haitoshi.

Jasiri_Biashara
Sikubaliani. Bila kuanza leo, mwaka wa 5 mtakuwa hapa hapa.

Upepo_wa_Kusi
Na wale vijana watatu? Mikataba imebakiza miezi 23, fedha ni miezi 14. Hiyo ni mishahara ya miezi 9 kwa kila mmoja isiyo na mwenyewe. Waambieni mapema. Mimi niliambiwa siku ya mwisho wa mwezi.

Kalamu_Nyeusi
Nimesoma yote. Barua nampelekea mwenyekiti Jumatatu, kabla ya kikao. Kwenye rasimu nimebakiza kisomo na ujasiriamali wa vijana, kwa sababu wanafunzi ni wale wale na wakufunzi wanaweza kufundisha vyote. Haki za wenye ulemavu sijaweza kuiondoa, mjumbe aliyeileta ndiye anayetuletea nusu ya michango ya wanachama. Hapo ndipo nimekwama tena. Fundi, fedha hiyo niiweke wapi kwenye ile 22?

Fundi_wa_Bajeti
Michango anayoileta, wachangiaji waliahidi kwa shirika au kwake yeye?

Kalamu_Nyeusi
Sijawahi kuuliza.