Wakuu, nisomeeni hii slipu ya mshahara wa Uingereza

Mgeni_Leeds: Wakuu, nimeanza kazi ya kulea wazee Septemba 1. Tulikubaliana pauni 2,000 kwa mwezi, benki imeingia 1,464.64. Picha ya slipu hiyo hapo. Mbona zaidi ya robo imeliwa? Nani kanipiga?

Bahari_Kuu: Kwanza futa hiyo picha. Jina umeliziba kwa kidole, lakini namba ya NI, yaani bima ya taifa, inasomeka yote.

Mgeni_Leeds: Nimeweka nyingine.

Doha_Boy: Huku Qatar ukiambiwa 2,000 unapokea 2,000. Rudi Ghuba, ndugu yangu.

Kijiti: Hapo umekatwa pensheni mara mbili. NI ni ya uzeeni na hiyo Pension nayo ni ya uzeeni. Jitoe zote.

Mama_Saba: Kijiti, NI kweli inahesabiwa kwenye pensheni ya serikali, ila huwezi kujitoa. Unaweza kujitoa kwenye ile ya mwajiri tu.

Mdogo wangu, anzia juu. Gross Pay 2,000 ndiyo mliyokubaliana. Pensheni 74 ni asilimia 5, lakini haihesabiwi kwenye pauni 520 za mwanzo, ndiyo maana si 100. Kwako imetolewa kabla ya kodi. NI 76.16 ni asilimia 8 ya kinachozidi 1,048. Hayo mawili yako sawa.

Shida iko kwenye kodi, 385.20. Angalia kona ya juu, Tax Code imeandikwa BR. Maana yake umekatwa asilimia 20 kuanzia pauni ya kwanza, kama mtu ambaye msamaha wake wa kodi unatumika kwenye kazi nyingine. Ile fomu ya kuanza kazi ulitiki wapi?

Mgeni_Leeds: Alinijazia jamaa ninayekaa naye. Naona ametiki C.

Mama_Saba: Basi ndiyo hiyo. C ni ya mwenye kazi nyingine au anayelipwa pensheni. Wewe hii ndiyo kazi yako ya kwanza tangu Aprili 6, ulitakiwa A, upewe Tax Code ya 1257L. Msamaha ni 12,570 kwa mwaka na unajumlishwa tangu Aprili, hata miezi ambayo hukuwepo. Kwa mshahara huo hukupaswa kukatwa kodi hata senti mpaka Februari hivi. Wapigie HMRC, mamlaka ya kodi ya huku, au ingia akaunti yako ya kodi mtandaoni uwaambie huna kazi nyingine. Wakibadilisha, hiyo 385.20 inarudi kwenye slipu inayofuata.

Mgeni_Leeds: Asante dada. Na pensheni nijitoe? Viza yangu ni miaka 3 tu.

Kijiti: Jitoe. Ukiwahi ndani ya mwezi mmoja wanakurudishia yote.

Mama_Saba: Wanarudisha, ila zile 44.40 anazokuongezea mwajiri kila mwezi unaziacha mezani. Mimi sikujitoa.

Bahari_Kuu: Mimi nilijitoa, nilikuwa na deni la ajenti.