Homoni ya FSH imetoka 6.9, nimeambiwa ukomo wa hedhi "bado sana". Nirudie kipimo?

MamaZuhura
Habari za jioni wapendwa. Nina miaka 46. Siku zangu zilikuwa zinakuja kila baada ya siku 28, miaka nenda miaka rudi. Tangu mwaka huu uanze nimekuwa naandika, nikihesabu kutoka siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya inayofuata, na imekuwa hivi: 27, 41, 24, 52, 25. Usiku naamka shingo na mgongo vimelowa jasho, nabadilisha gauni, baada ya nusu saa nasikia baridi. Usingizi ukikatika saa nane haurudi tena.

Wiki iliyopita nikaenda kupima homoni. Ilikuwa siku ya 11 tangu damu ianze. Majibu: FSH 6.9 mIU/mL, estradioli 312 pg/mL. Daktari kaangalia karatasi, kasema homoni ziko sawa, ukomo wa hedhi bado sana, labda ni mawazo. Kipimo nalipia mfukoni. Je, nirudie? Na nikirudia, niende lini?

Chausiku_wa_Pili
Pole dada. Ulikosea siku tu. FSH inapimwa siku ya 2 hadi ya 5, ukihesabu siku damu inapoanza kuwa ya 1. Subiri zikija tena, nenda siku ya tatu asubuhi, utapata jibu la uhakika. Ikivuka 25 ujue umeshaingia, ikiwa chini bado.

MkungaWaZamani
Chausiku, nusu ya kwanza uko sawa, nusu ya pili sikubaliani nayo. Siku ya 2 hadi ya 5 huchaguliwa kwa sababu katikati ya mzunguko FSH hupanda yenyewe kwa siku moja mbili ili yai litoke, kisha hushuka. Ukipima siku za mwanzo unakwepa mlima huo. Lakini hata ukifuata siku kwa makini, bado unapata jibu la mwezi huo tu.

Mama Zuhura, hebu nikueleze inavyofanya kazi, maana ukilielewa hili hutahangaika na namba. FSH haitengenezwi na ovari. Inatoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo. Ichukulie kama mtu anayebisha hodi, na ovari ndiyo mwenye nyumba. Mwenye nyumba akiitika upesi, mgeni anabisha taratibu. Akichelewa, mgeni anagonga kwa nguvu. Kuitika kwenyewe ni homoni mbili, estradioli na inhibini, zinazotolewa na vifuko vya mayai vinavyokua. Kadiri mayai yanavyopungua inhibini inapungua, na hodi inazidi.

Kwa mwanamke ambaye bado anaona hedhi, ovari haijazima. Inazubaa mwezi huu, mwezi ujao inaitika kwa kishindo. Mwezi wa kuzubaa FSH inaweza kupanda hadi 30 na zaidi, mzunguko unaofuata ikarudi 7 kama ya binti wa miaka 25. Zote mbili ni namba za kweli, za mtu yule yule, ndani ya miezi miwili.

Sasa tazama karatasi yako. Estradioli 312 siku ya 11 maana yake, kama kipimo ni sahihi, kuna kifuko kikubwa cha yai kilikuwa karibu kukomaa. Estradioli ikiwa juu hivyo inainyamazisha pituitari, kwa hiyo FSH mara nyingi huwa chini. Hiyo 6.9 inasema ovari iliitika asubuhi ile. Haisemi chochote kuhusu ule mzunguko wa siku 52, na huo ndio wenye habari.

MamaZuhura
Asante sana mama. Lakini karatasi yenyewe imeandikwa kiwango cha kawaida 3.5 hadi 12.5, na yangu imo ndani. Si ndiyo maana daktari kasema sawa?

Darubini_ya_Kona
Nafanya kazi maabara, naomba nijibu hapo. Angalia vizuri karatasi, viwango huwa ni vinne. Kwenye mashine zinazotumia kile cha 3.5 hadi 12.5 kwa siku za kabla ya yai kutoka, yai linapotoka ni 4.7 hadi 21.5, baada ya hapo ni 1.7 hadi 7.7, na kwa waliokwisha koma hedhi ni 25.8 hadi 134.8. Umeona? 6.9 inaingia kwenye vitatu kati ya hivyo vinne. Viwango hivyo vimepangwa kutokana na wanawake wenye mizunguko ya kawaida na wale waliokwisha koma. Hakuna mstari wa walio njiani, na hauwezi kuwepo, kwa sababu walio njiani wanazunguka kote.

Halafu nina swali. Unatumia vidonge vya nywele na kucha? Sikuulizi kwa udaku. Vingi vina vitamini iitwayo biotini, na mashine nyingi za homoni zinatumia biotini ndani ya kitendanishi chenyewe ili kunasa homoni. Damu ikiwa imejaa biotini ya kidonge, kunasa kunavurugika. Kwa FSH jibu linashuka chini ya ukweli, na kwa estradioli linapanda juu ya ukweli, kwa kuwa vipimo hivyo viwili vimejengwa kinyume. FSH ya chini na estradioli ya juu ndiyo sura yenyewe ya karatasi yako.

MamaZuhura
Eh! Natumia. Nimekwenda kusoma kichupa sasa hivi: mikrogramu 10,000, kimoja kila asubuhi. Siku ya kipimo nilimeza nikiwa natoka nyumbani.

Darubini_ya_Kona
Basi hiyo ni miligramu 10, na ulimeza muda mfupi tu kabla ya kutolewa damu. Uliza maabara mashine yao ni ya aina gani, maana si zote zinaathirika, na vitendanishi vipya vinahimili zaidi. Kwa kawaida tunaomba mtu aache angalau siku mbili kamili kabla ya damu. Mimi ningerudia, bila kidonge, siku ya 3. Jibu lenye shaka halifai kukaa kwenye faili.

MkungaWaZamani
Hapo kwenye biotini umenishinda, na ni kweli inaweza kuwa ndiyo. Au ni kifuko cha yai kweli. Hatutajua. Ila kurudia nakataa. Tuseme amerudia siku ya 3, ikatoka 9. Atafanya nini tofauti? Tuseme imetoka 34. Atafanya nini tofauti? Kama dawa ya jasho la usiku anaihitaji, anaihitaji kwa majibu yote mawili.

Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, tangu 2015 unasema FSH isitumike kutambua safari ya kuelekea ukomo wa hedhi kwa mwanamke aliyevuka miaka 45. Kinachotumika ni umri, dalili na mabadiliko ya hedhi. Na mabadiliko yana kipimo chake: urefu wa mizunguko inayofuatana ukitofautiana kwa siku 7 au zaidi, na jambo hilo likajirudia ndani ya mizunguko 10, unahesabiwa uko mwanzoni mwa safari. Ukikaa siku 60 au zaidi bila damu, uko sehemu ya mwisho. Chukua namba zako: 27 kwenda 41 ni tofauti ya siku 14. 41 kwenda 24 ni 17. 24 kwenda 52 ni 28. 52 kwenda 25 ni 27. Kalenda yako imeshajibu, wala haikukutoza hela.

KijanaWaPwani37
Samahani naingilia. Mimi nina 37, natafuta mtoto, siku ya 3 FSH yangu ilitoka 14. Ina maana nimefunga?

MkungaWaZamani
Mwanangu, swali lako ni jingine kabisa, lifungulie uzi wake. Kwa kifupi, hapana, kama unaona hedhi hujafunga, lakini usikae nalo, nenda kwa daktari wa uzazi. Chini ya miaka 40 FSH ina kazi yake, hasa hedhi ikipotea kwa miezi kadhaa, na ndipo hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 6 kabla ya mtu kutamka neno zito. Kati ya 40 na 45 daktari anaweza kuifikiria. Kwa Mama Zuhura si hivyo.

WifiMkubwa
Mbona mimi kilinisaidia? Nina 47, kilitoka 38, nikaambiwa nimemaliza. Nikaenda kutoa kitanzi cha shaba wiki hiyo hiyo, nimetulia. Ingawa mwezi uliopita niliona damu tena.

MkungaWaZamani
Wifi, hilo ndilo linalonitisha. Damu iliporudi maana yake ovari iliitika, na ikiitika yai linaweza kutoka. 38 ilikuwa ya mwezi ule wa kuzubaa. Mwenye chini ya miaka 50 huendelea kujikinga miaka 2 baada ya hedhi ya mwisho, aliyevuka 50 mwaka 1. Hedhi yako ya mwisho bado hujaijua. Ukichelewa hata wiki, anza na kipimo cha mimba kabla hujasema ni umri.

WifiMkubwa
Jamani. Haya nimesikia.

Chausiku_wa_Pili
Mimi niko kwenye sindano ya miezi mitatu, damu sioni kabisa. Nami nitumie kalenda ipi?

MkungaWaZamani
Huna kalenda, ni kweli, na FSH pia inasukumwa chini na sindano hiyo. Wenye vidonge vya uzazi wa mpango vya homoni mbili ndio kabisa, ile damu wanayoona ni ya kusimama kwa kidonge, si hedhi. Kwako ni umri na dalili, na mazungumzo na mtoa huduma kama ubadilishe njia. Hapo sina jibu la mkato.

MamaZuhura
Kwa hiyo kesho kutwa nikirudi kwa daktari niseme nini? Sitaki aone nabishana naye.

MkungaWaZamani
Usibishane. Mwekee ile orodha ya siku mezani kabla ya karatasi ya maabara, mwambie unaamka mara ngapi kwa wiki umelowa. Hela ya kurudia FSH ielekeze kwenye TSH, kipimo cha tezi ya shingo, maana tezi hiyo ikichangamka mno nayo inaleta jasho, mapigo ya moyo na hedhi kuyumba. Kipimo cha mimba, cha mkojo tu. Na huku kwetu jasho la usiku lisipelekwe kwenye homoni moja kwa moja: ukiwa na kikohozi, homa au unapungua uzito, aangalie TB na VVU kwanza.

Damu yenyewe ikoje? Nzito?

MamaZuhura
Ule mzunguko wa siku 52 ulipoisha, ilitoka kwa siku 9. Siku ya pili na ya tatu pedi ilikuwa inajaa kwa saa moja, na mabonge.

MkungaWaZamani
Mama, hilo ulipaswa kuanza nalo. Mwambie daktari hilo kabla ya jasho. Pima wingi wa damu mwilini na akiba ya madini ya chuma, ufanyiwe ultrasaundi ya kizazi kuangalia uvimbe. Kwa umri wa miaka 45 na kuendelea, damu isiyo ya kawaida inaweza kumfanya achukue kipande kidogo cha ukuta wa mji wa mimba kwenda kupimwa. FSH iwe 6.9 au 60, hiyo damu haiielezi.

Darubini_ya_Kona
Hapo nakubali, hela iende huko. Ila kidonge cha nywele kiache leo, kwa sababu kipimo cha TSH nacho kinavurugwa na biotini.