Sonara kaitazama akasema ni dhahabu, kumbe feki: nani alipe?

Mama Zai: Nilinunua bangili kwa sonara, karati 22, gramu 40. Juzi naenda kuiuza kwa mwingine, akaikata, ndani nyeupe. Yule wa kwanza anasema na yeye aliinunua kwa mtu, aliitazama kwa lensi na jicho lake halijawahi kumdanganya. Alipe yote au tugawane hasara?

Kijana wa Kisutu: Alipe yote, mama. Sonara asiyejua dhahabu kwa kuiona akauze nyanya.

Fundi Moto: Wewe mwenye nyanya, nimeshika tochi ya kuyeyushia miaka 20 na kwa jicho siwezi. Hapo ni fedha ndani, juu kafunikwa kwa dhahabu ya kweli, nene. Kwa hiyo rangi ni ya kweli, mng'ao wa kweli, muhuri wa 916, ile alama ya karati 22, anagonga mwenyewe kwa kipande cha chuma na nyundo. Hata ukiisugua kwenye jiwe na kutia tindikali, ule mstari umetoka kwenye ngozi tu, tindikali inakujibu kuhusu ngozi. Labda uchimbe kwa tupa mpaka ndani.

Bi Shani, Maskati: Ndio maana mie sinunui huko. Dhahabu ya Dubai haina mambo hayo.

Kijana wa Kisutu: Dubai inachimba dhahabu wapi dada? Inatoka huku huku kwetu, inarudi na risiti ya Kiarabu.

Bi Shani, Maskati: Sijasema inachimbwa, nimesema inakaguliwa! Ukosefu wa adabu tu.

Kijana wa Kisutu: Shemeji yangu kaletewa cheni ya "Dubai", wiki tatu shingo kijani. Ikakaguliwe tena.

Bi Shani, Maskati: Shemeji yako aliuziwa uchochoroni, usinisingizie mji.

Babu Darubini: Acheni Dubai. Mbona hili limekwisha tangu enzi za Wagiriki, tia kwenye maji, maji yanasema kweli.

Fundi Moto: Babu kwa bangili ya mama upo sawa. Weka glasi ya maji juu ya mzani, rudisha namba kwenye sifuri, kisha ining'inize bangili kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala ubavuni. Namba itakayotokea ndiyo uzito wa maji yaliyosukumwa. Gramu 40 za karati 22 husukuma kama 2.2 au 2.3. Fedha iliyofunikwa itakupa labda 3.3, gawa 40 kwa 3.3 unapata 12 na kidogo, wakati karati 22 inatakiwa kwenye 17 na kitu. Ila bangili yenye uwazi ndani au yenye mawe itakudanganya, itaonekana feki na ni halali.

Mchimbaji Kahama: Hayo maji yenu yanapigwa na tangsteni, metali nzito sawa na dhahabu. Dhahabu safi uzito wake ni gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo, tangsteni 19.25, mzani wa dukani utaitofautisha wapi? Na mashine ya eksirei inayoelekezwa kama bastola inasoma ngozi nyembamba kuliko unywele. Kwenye mche wa dhahabu uliojazwa, vyote viwili vitasema safi.

Babu Darubini: Basi bangili ya Mama Zai inaweza kuwa tangsteni!

Mchimbaji Kahama: Babu, tangsteni haipindiki, inavunjika, nani atakukunjia bangili. Ujanja huo ni wa miche. Hapo ndio unataka mawimbi ya sauti, maana sauti ndani ya tangsteni inakwenda kasi sana kuliko ndani ya dhahabu, au utoboe na kupeleka maabara. Kule wanayeyusha na risasi, wanatoa uchafu, wanaongeza fedha na kuiondoa kwa tindikali ya naitriki, kinachobaki kinapimwa. Ila maabara inajibu kuhusu kile kipande ulichotoa tu, ukitoboa pembeni na uchafu upo katikati, pole.

Fundi Moto: Au iyeyushe yote. Dhahabu inayeyuka nyuzi 1064, tangsteni inasubiri zaidi ya 3400, utaona donge limekaa tu kwenye chungu kama jiwe kwenye uji.

Bi Shani, Maskati: Na nyie mnayeyusha mali ya mtu ili ajue kama ni mali? Huku hatuyeyushi.

Kijana wa Kisutu: Dada bado upo?

Fundi Moto: Mimi kuhusu kulipa nasema nusu kwa nusu, maana na yeye kaibiwa.

Kijana wa Kisutu: Kaibiwa nini, glasi ya maji si ipo dukani kwake! Sekunde thelathini.

Mama Zai: Jamani, vile vipande viwili ninavyo kwenye leso. Sonara wa kwanza ananiambia kwa kuwa imekatwa hawezi kuijua tena kama ni yake. Nifanyeje?

Babu Darubini: Picha ulipiga kabla?

Mama Zai: Ninayo, ya harusi. Inaonekana dhahabu kabisa.