Naomba ushauri: PAYE kwenye salari slipu yangu haikubaliani na hesabu yangu

Habari zenu wakuu. Niko sekta binafsi, Tanzania bara, na naombeni mnisaidie kuisoma slipu yangu.

Mshahara wa msingi ni 800,000 na posho ya nyumba 100,000, jumla 900,000. Makato yako hivi: NSSF 90,000, PAYE 103,000, Bodi ya Mikopo 120,000. Mkononi napokea 587,000.

NSSF naielewa, ni asilimia 10 ya jumla. Bodi nayo ni asilimia 15 ya msingi (inauma, ila ndiyo sheria). Kinachonitatiza ni PAYE. Nijuavyo, NSSF hutolewa kwanza, kinachobaki ndicho kinatozwa kodi. Yaani 900,000 toa 90,000, inabaki 810,000. Daraja la kuanzia 760,000 ni 68,000 kujumlisha asilimia 25 ya kinachozidi. Kinachozidi ni 50,000, asilimia 25 yake 12,500, kwa hiyo kodi iwe 80,500. Nikikokotoa kwa 900,000 nzima ndiyo napata 103,000 yao kamili. Tofauti ni 22,500 kila mwezi.

Nimemuuliza mhasibu, akanijibu "mfumo ndio unakokotoa", basi.

Maswali yangu ni mawili. Je, kuna sababu yoyote halali ya NSSF kutotolewa kabla ya kodi? Na kama wamekosea, kilichozidi mwajiri anakirekebisha kwenye mishahara ijayo, au mimi mwenyewe ndiye wa kwenda TRA kukidai? Aliyewahi kulipitia hili anielekeze nianzie wapi na kwa karatasi gani.