MREJESHO: Ofa ya Desemba, duka la vyakula Igoma

Niliuliza hivi: "Ofa ya sikukuu niitoe lini, na niiandikeje, wakati wateja wangu wengi ni walimu na wanalalamika hela haitoshi?"

Wakuu, narudi na majibu. Tarehe 10 nilituma "Punguzo kubwa la Krismasi!" Watu wawili tu walijibu, wote "tusubiri mshahara". Mkanishauri nitulie, nami nikatulia. Mwalimu mmoja aliponiambia mshahara umeingia, nilituma jioni ileile, kabla madeni hayajaumaliza.

Maneno nayo niliyabadilisha: "Pilau ya familia, 17,500: mchele kilo 3, mafuta lita 1, kitunguu kilo 1 na viungo. Kimoja kimoja ni 18,500." Neno punguzo sikulitia kabisa. Mama mmoja aliniambia alipenda kuona jumla, maana alijua papo hapo kitakachobaki kwa ajili ya sare na madaftari ya Januari. Faida kwa fungu ilipungua 1,000, ila mafungu 40 yaliisha siku tatu. Siku ya nne ujumbe uleule haukuleta mtu.

Nilipokosea ni kwa wateja wangu wavuvi wa dagaa kule mwaloni. Wao hawangoji mwisho wa mwezi, wanangoja giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa za karabai hazivuti dagaa. Hao niliwatumia siku moja na walimu, mwezi ukiwa mpevu, wakanicheka tu. Safari ijayo nitaangalia mbingu kwanza.