Nimelipa 24,000 kwa marejeleo 48, tasnifu imerudishwa! Mwaka wa chapa SI mwaka wa kitabu

Mwanafunzi wa Songea

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Mwaka jana nilikwenda Dar kusoma vitabu ambavyo maktaba haiviazimishi. Nilikuwa na siku nne tu, basi nikapiga picha kurasa mbili za kila kitabu: ukurasa wa jina, na ule wa nyuma yake wenye hakimiliki. Jumla vitabu 48. Niliporudi nikazituma picha kwa WhatsApp kwenye ofisi moja ya uchapaji (jina nalihifadhi) wanaojitangaza kwamba "tunaandaa marejeleo kwa mfumo wa APA". Shilingi 500 kwa kitabu. Nikalipa yote, nikaletewa orodha imepangwa vizuri kwa alfabeti, nikaibandika nyuma ya tasnifu. Nilikosea kuwaamini, hilo nakubali. Lakini nilikuwa nimelipia kazi.

Mtahini wa nje amerudisha tasnifu. Sikilizeni sababu.

Kuna diwani moja niliyoitumia kama ushahidi wa hali ya mawazo kabla ya vyama vingi kurudishwa 1992. Sura ya tatu nzima imesimama juu yake. Kwenye orodha wao wameandika 2008! Mtahini anauliza, mashairi ya 2008 yanathibitishaje mawazo ya watu kabla ya 1992? Ana haki kuuliza. Nikafungua picha yangu, ukurasa unasema wazi:

"Kimetolewa mara ya kwanza 1988. Chapa ya pili 1993. Chapa ya tatu 2008."

Yaani mtu ameuona mwaka 1988 kwa macho yake, akauruka, akachukua wa chini kabisa.

La pili ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la 2004. Wameiandika hivi:

```
Kiswahili, T. U. W. (2004). Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Oxford: Oxford University Press.
```

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili imegeuzwa mtu mwenye ukoo wa "Kiswahili"! Na "Toleo la 2" halipo kabisa. Kamusi hiyo ilitoka mara ya kwanza 1981, na ya 2004 imeongezwa maneno, kwa hiyo namba za kurasa hazilingani. Mtahini alifungua nakala yake ya zamani, ukurasa niliomtajia hakukuta neno. Kwake ikaonekana nimetunga.

Niliwapigia simu. Jibu: "Sisi tumefuata picha uliyotuma." Picha ilikuwa na kila kitu! Naomba anayejua kazi hii anieleze vitabu vilivyobaki navisafishaje, maana nimepewa wiki tatu.

---

Fundi Kompyuta

Pole mkuu, ila usiwashambulie hivyo. Mimi nipo kwenye steshenari mwaka wa saba. Mteja anatuma picha 50 usiku anataka asubuhi. Tunapitisha picha kwenye programu inayosoma maandishi, halafu tunachukua mwaka wa karibuni zaidi kwa sababu ndiyo nakala uliyoishika mkononi. Hata APA wanasema ukiona miaka mingi chukua ya mwisho.

---

Mkutubi Mstaafu

Fundi, hapo mwishoni umechanganya vitu viwili. Miaka ya mwisho inayochukuliwa ni ile inayofuata alama ya ©, ikiwa ipo zaidi ya mmoja. Miaka ya kupigwa chapa tena haihesabiki. Kitabu kikiisha dukani, mchapishaji anarudi kiwandani na mabamba yaleyale, maneno yaleyale, kurasa zilezile. Mwandishi hakuongeza hata nukta. Huo mwaka unamhusu mwenye mashine.

Mwanafunzi, diwani yako pengine ni 1988. Nasema "pengine" kwa sababu wachapishaji wetu wamelitumia neno "chapa" kwa maana mbili. Wapo walioandika "Chapa ya pili" wakimaanisha kupigwa tena tu, na wapo walioandika hivyohivyo wakati kitabu kimepitiwa na kuongezwa sura. Ukisoma ukurasa peke yake huwezi kujua. Tazama kama kuna dibaji ya pili, na kama maktaba ina nakala ya zamani linganisha idadi ya kurasa na ISBN. Toleo jipya hupewa ISBN mpya, chapa hubaki na ileile.

---

Mwanafunzi wa Songea

Asante mzee. Nina rafiki yuko Dar, nimemtuma leo hii hii. Amekuta nakala ya 1988 kabatini na amenitumia picha. Ila sasa nimechanganyikiwa zaidi: ISBN hazifanani. Ya zamani ina tarakimu 10, ya 2008 ina 13.

---

Kalamu ya Mwanza

Basi mchezo umeisha. ISBN imebadilika, hilo ni toleo jipya. Andika 2008, na sura ya tatu utafute diwani nyingine.

---

Mkutubi Mstaafu

Subirini, msimharibie kijana kazi. Mwaka 2007 dunia nzima ilihama kutoka tarakimu 10 kwenda 13. Kitabu kilichopigwa chapa baada ya hapo kilivishwa namba ndefu hata kama hakikuguswa ndani. Fanya hivi: kwenye ile ndefu ondoa 978 ya mwanzo, na kwenye zote mbili ondoa tarakimu ya mwisho kabisa. Kila upande zitabaki tisa. Zikilingana, kitabu ni kilekile. Ile ya mwisho ni ya ukaguzi tu, na kanuni yake ilibadilika, ndiyo maana hazifanani.

---

Mwanafunzi wa Songea

Nimefanya. Nane zimelingana, moja haikulingana! Ya zamani ina 3, ya 2008 ina 8, nafasi ya saba. Kurasa ni 96 zote mbili.

---

Mkutubi Mstaafu

3 na 8. Hiyo nimeiona maisha yangu yote. Umesoma kwa jicho au kwa programu? Na picha ya 2008 uliipiga wapi?

Usibishane na jicho, ifanyie hesabu. Chukua ile ya tarakimu 13. Ya kwanza izidishe kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, endelea hivyo mpaka mwisho, kisha jumlisha. Jibu lazima liishe na sifuri. Tarakimu moja ikisomwa vibaya, haliishi na sifuri kamwe.

---

Mwanafunzi wa Songea

Ilisomwa na programu ya simu. Nikiweka 8 jumla inakuwa 135. Nikiweka 3 inakuwa 120.

Ni 3. Nimekuza picha nikaona kivuli cha mkunjo wa kitabu kimeziba upande wa kushoto wa tarakimu. Kwa hiyo kurasa 96 ni zilezile, namba ni ileile, diwani ni ya 1988. Sura ya tatu imepona. Wakuu, nimeshika kichwa hapa. Kwa kivuli tu cha mkunjo nilikuwa naambiwa nitafute diwani nyingine.

---

Kalamu ya Mwanza

Nimekubali, nilikurupuka. Samahani ndugu.

---

Bint Malindi

Habari zenu. Nami nina langu. Nina kitabu cha marehemu babu, kimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, chini ya ukurasa wa jina pana mwaka. Nilipiga picha nikaipitisha kwenye programu, ikaniletea ١٤ basi, yaani 14. Baba asema vingine na mama asema vingine. Nikitaje vipi?

---

Mkutubi Mstaafu

Binti yangu, sifuri ya Kiarabu ni nukta: ٠. Programu huiona kama doa la karatasi na kuifuta. Tazama karatasi yenyewe, ukiona nukta mbili baada ya ١٤ basi ni 1400 Hijria. Mwaka huo ulianza Novemba 1979 na kuishia 1980, kwa hiyo bila mwezi huwezi kuchagua mmoja. Mimi ningeandika 1400 [1979/1980], ili msomaji aone kilichochapwa na ulichokokotoa wewe. Lakini nukta hakikisha kwa macho yako, si kwa picha.

---

Bint Malindi

Shukran sana. Nukta ziko mbili, moja imefifia.

---

Fundi Kompyuta

Mzee nimekuelewa, na kusema kweli nina orodha za wateja ambazo nilizifanya kwa mwaka wa mwisho. Nauliza kitu kingine. Vitabu vingi vya siku hizi ukurasa wa hakimiliki unaishia na kampuni ya India iliyochapa. Mchapishaji ni yupi?

---

Mkutubi Mstaafu

Aliyepiga chapa humwandiki. Jina la mchapishaji liko chini ya ukurasa wa jina, na ISBN itakuthibitishia: baada ya 978, vingi vya Tanzania huanza na 9976 au 9987, vingi vya Kenya 9966. ISBN huchukuliwa na mchapishaji, mwenye mashine haichukui. Ukiona 9987 na anwani ya Delhi, mchapishaji ni wa hapa.

Ila kanuni hiyo haifai kwa kampuni kubwa za nje. Oxford hutumia namba zao hata kitabu kikitolewa Nairobi, na kurasa zao huorodhesha miji mingi duniani. Mwenzako aliona "Oxford" juu ya orodha akaichukua. Kwa kamusi ile sahihi ni:

```
TUKI. (2004). Kamusi ya Kiswahili Sanifu (Toleo la 2). Nairobi: Oxford University Press.
```

Na ukiingiza jina la taasisi kwenye programu ya marejeleo, liweke kwenye kisanduku kimoja. Ukiliweka kwenye visanduku vya jina na ukoo, litageuzwa kama ulivyoona.

---

Mhadhiri Kijana

Kwa heshima mzee, APA ya 7 imeondoa mji. Nairobi haitakiwi hapo.

---

Mkutubi Mstaafu

Najua. Lakini mwongozo wa idara yake unasemaje? Idara nyingi za Kiswahili bado zinadai mji huku zikiita "APA".

---

Mwanafunzi wa Songea

Mwongozo wetu una mji kwenye mifano, na maelezo yanasema "APA toleo la 7". Nimemwandikia msimamizi, hajajibu.

Nimeshapitia vitabu 19 kwa njia hii. Saba vilikuwa na mwaka wa chapa badala ya mwaka wa kitabu, viwili vimewekewa kiwanda cha uchapaji kama mchapishaji, na kimoja picha yenyewe nilikata sehemu ya chini, itabidi rafiki arudi maktaba. Vimebaki 29, na vitatu kati yake ni vya miaka ya sitini, havina ISBN, vimeandikwa "chapa ya pili" tu, na nakala ya kwanza maktaba haina. Mzee, hivyo vitatu nifanyeje?