Tupeane uzoefu: hongo uliyoitoa iliitwaje siku ile?

Mweka Hazina

Wakuu, habari za leo. Natunza daftari la fedha la kikundi chetu cha kuweka na kukopa, wanachama 28. Tulinunua kiwanja, tukaanza kufuatilia hati. Ofisi siitaji.

Safari ya kwanza tuliambiwa faili halina miguu, tukatoa 20,000 ya nauli ya faili. Ya pili ikawa chai ya vijana wa masjala, 30,000. Ya tatu tukaambiwa "mkubwa anasema mjiongeze", ikatoka 70,000. Kwenye daftari niliandika "chai na usafiri, 120,000", na mkutano ukapitisha bila swali.

Mwezi uliofuata iliombwa 50,000 nyingine. Naisoma tu, bibi mmoja anayeuza maandazi akauliza: "Chai gani ya laki na ishirini, nani aliinywa?" Nilishindwa kumjibu. Nikachukua kalamu mbele ya watu, nikafuta "chai na usafiri" na juu yake nikaandika "rushwa". Kisha nikauliza nani anaunga mkono ile 50,000. Hakunyooka mkono hata mmoja. Watu walikuwa walewale, ofisi ileile, na kiasi kilikuwa kidogo kuliko tulichokwisha kutoa.

Tangu siku ile nawaza neno "chai" lilitufanyia kazi gani. Leteni yenu. Mliambiwa neno gani, na mkalipokeaje?

Dereva wa Lori

Njia yangu ni Dar hadi Tunduma. Barabarani utasikia "ya maji", "wazee unawaachaje", "ongea kiutu uzima". Na jambo moja hulioni mpaka uwe umesimamishwa mara nyingi: kiasi hakitajwi. Unaachwa ukitaje wewe. Ukishasema elfu tano, ofa imetoka kinywani mwako, yeye alizungumzia maji tu.

Siku moja nilikuwa nimezidisha mwendo kweli. Nikamuuliza askari kwa sauti ya kawaida, "Afande, unaomba rushwa?" Alikasirika kama nimemtukania mama yake. Nilikaa pale karibu saa mbili, kisha akaniandikia faini halali ya 30,000 yenye namba ya malipo, nikalipa. Kwa hiyo neno gumu lilinigharimu 25,000 zaidi ya neno laini. Nawaambia ukweli, mara iliyofuata nilitoa ya maji.

Kijana wa Kampeni

Mnachanganya mambo. Kuna rushwa na kuna takrima. Takrima ni utamaduni wetu na sheria ya uchaguzi inairuhusu, mgombea akiwapa watu pilau na kanga hajavunja chochote.

Karani Mstaafu

Kijana, umeshika nusu. Mwaka 2000 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi, likasema kinachotolewa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa jadi hakihesabiwi kuwa rushwa. Watu wakakiita takrima. Mashirika ya haki za binadamu yakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu pale Dar es Salaam ikavifuta vifungu hivyo kwa kukiuka Katiba. Hoja zilikuwa nyepesi kueleweka: mgombea maskini hana cha kukirimu, basi hashindani sawa na tajiri, na hakuna anayeweza kuchora mstari ukarimu unapoishia na hongo inapoanzia.

Nilikuwa kazini miaka ile, na lililonishangaza ni lile neno lenyewe. Nyumbani kwako, takrima unampa mgeni aliyekujia, wala humdai kitu akiondoka. Huyu mgombea yeye ndiye mgeni, kaja kwetu kuomba kura, halafu anajifanya mwenyeji. Ukiikataa sahani yake unaonekana wewe ndiye huna adabu. Ukiiita hongo unaweza kuikataa na bado ukabaki mtu mwenye heshima, lakini ukiiita takrima, kukataa ni kumvunjia mtu heshima mbele za watu. Vifungu vilifutwa, ila neno bado linasikika kila uchaguzi, na kijana wetu hapa ni shahidi.

Mama wa Mapacha

Sasa mnaniogopesha. Nilipojifungua salama niliwapelekea wakunga kreti ya soda na vitenge viwili. Nilikuwa nimeshatoka wodini. Nami ni mtoa rushwa?

Karani Mstaafu

Mama, hongera kwa watoto. Jiulize kama kuna aliyekuomba, na kama ungehudumiwa vilevile bila hivyo vitenge. Kwako naona ilikuwa shukrani.

Muuguzi

Naomba nipingane kidogo na mzee wangu. Nafanya kazi wodi ya wazazi. Zawadi ya huyu mama ni safi, sina shaka. Lakini mama wa kitanda cha pili anaiona. Akirudi kwa mimba nyingine, au akimleta mdogo wake, anafika na "asante" mkononi kabla hata hajapimwa presha, na mwenzangu mmoja ameshazoea kuipokea kabla. Neno ni lilelile asante, ila limehama kutoka mwisho wa huduma likaja mwanzo. Sijui mstari uwekwe wapi, kwa sababu nikimkatalia mama aliyefurahi naye anaumia.

Mfanyabiashara

Tupunguze woga. Anayeombwa hana kosa, kosa ni la anayepokea. Mimi natoa na nalala usingizi.

Karani Mstaafu

Hapana, ndugu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 15, inawashika wote wawili, anayetoa na anayepokea. Ukiombwa, piga 113 ya TAKUKURU kabla hujatoa, si baada.

Wa Lubumbashi

Huku kwetu tunasema matabishi, na kwa Kilingala watu wanasema madesu ya bana, maharage ya watoto. Anayekuomba hajitaji yeye, anataja watoto. Na mara nyingi mshahara wake kweli umechelewa, kwa hiyo unatoa huku unamhurumia. Ukija kukasirika, uko nyumbani.

Mwalimu wa Kiswahili

Nchini Kenya ni "kitu kidogo", na mnajua si lazima kiwe kidogo. Lugha yetu ina njia rahisi ya kupunguza jambo, unaweka ki- au vi- mbele yake. Hapa Tanzania mwaka 2008 waziri mmoja aliulizwa kuhusu fedha zake kwenye akaunti ya Jersey, zaidi ya dola milioni moja, akaziita vijisenti. Sisemi zilitoka wapi. Nasema kwamba hasira ya watu ilikuwa kwenye neno hilo karibu sawa na kwenye fedha. Alijiuzulu mwaka uleule.

Dereva wa Lori

Mwalimu, hapo ndipo ninapokwama. Kwa fedha kubwa tunakasirika mtu akitumia neno dogo. Kwa elfu tano zetu tunalitumia wenyewe, tena kwa hiari.

Mweka Hazina

Nimesoma zote. Mzee Karani, hilo la kifungu cha 15 nitalisoma kwenye mkutano, kwa kuwa sahihi kwenye ile 120,000 ni zangu.

Mnaouliza hati: haijatoka. Tuliandika barua kuomba orodha ya ada zote na namba ya malipo ya kila moja, nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ni wiki ya saba. Wanachama wawili wameanza kusema "tukaongee nao vizuri". Bibi wa maandazi amewauliza kuongea vizuri ni shilingi ngapi. Hawajamjibu, na ile 50,000 bado iko kwenye sanduku.